Kuponi Haibadiliki, Bei Ndiyo Inayobadilika

Mapema mwaka 2024 mwalimu mmoja mstaafu aliniletea taarifa ya hatifungani yake ya serikali, akaweka kidole kwenye safu ya thamani ya soko, akaniuliza: "Mwanangu, serikali inanilipa kila nusu mwaka bila kukosa. Sasa hizi shilingi karibu elfu kumi zimekwenda wapi?"

Hatifungani yake ilikuwa ya shilingi 100,000, yenye kuponi ya asilimia 12 kwa mwaka, na ilikuwa imebakiza miaka miwili kuiva, yaani kufika siku ya serikali kurudisha mtaji wote. Kuponi ni riba iliyoandikwa kwenye mkataba siku hatifungani inapotolewa, nayo hukokotolewa juu ya zile 100,000, si juu ya bei ya sokoni. Hivyo Mwalimu hupokea shilingi 6,000 kila miezi sita, iwe jua iwe mvua. Kilichobadilika kilikuwa nje ya mkataba wake. Riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya, iliyokuwa asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka 2022, ilifika asilimia 13 Februari 2024, na mwezi huohuo serikali ikauza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa kuponi ya asilimia 18.4607. Hiyo haitozwi kodi, kwa hiyo hailinganishwi moja kwa moja na hatifungani ya kawaida. Hata hivyo, ili hesabu iwe nyepesi, tuseme soko sasa linadai asilimia 18 kwa mwaka, yaani 9 kila nusu mwaka, na tuiache kodi kando.

Tuanze na malipo ya mwisho peke yake. Fikiria imebaki miezi sita, na kitakacholipwa ni shilingi 106,000, yaani mtaji pamoja na kuponi ya mwisho. Mnunuzi anayetaka asilimia 9 kwa miezi hiyo hawezi kutoa 100,000, kwa sababu angepata 6 tu. Atatoa kiasi ambacho kikiongezwa asilimia 9 kinafika 106,000:

```
106,000 / 1.09 = 97,248
```

Kwa kuwa zile 106,000 haziwezi kuguswa, marekebisho yote hubebwa na bei. Kiwango anachopata mnunuzi kwa bei aliyolipa, kikijumlisha kuponi zote na mtaji utakaorudi, ndicho tunachokiita mapato hadi kuiva. Kwa hatifungani ya Mwalimu, yenye malipo manne yaliyosalia, kila malipo hugawanywa kwa 1.09 mara nyingi kadiri ya idadi ya nusu miaka inayobaki kabla hayajalipwa:

```
6,000/1.09 + 6,000/1.09^2 + 6,000/1.09^3 + 106,000/1.09^4 = 90,281
```

Hapa ndipo wengi, hata baadhi ya wanaouza hatifungani, hukosea. Huichukua kuponi ya mwaka, 12,000, wakauliza ni bei gani itakayoifanya iwe asilimia 18, wakapata 66,667 na kuogopa. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kwa hatifungani isiyoiva kamwe. Ya Mwalimu inaiva, na siku hiyo serikali inalipa 100,000 kamili, kwa hiyo mnunuzi wa 90,281 ana faida mbili: kuponi, ambazo ni kama asilimia 13.3 tu ya bei aliyolipa, na ile 9,719 ya tofauti. Kadiri siku ya kuiva inavyokuwa mbali, ndivyo faida hiyo ya pili inavyopungua uzito, na ndiyo maana hatifungani ya kuponi hiyohiyo iliyobakiza miaka kumi ingeshuka hadi 72,614. Mwenye hatifungani ndefu ndiye anayeumia zaidi riba ikipanda, hata kama kuponi zao zinafanana.

Nilimweleza Mwalimu kwamba ikiwa soko litabaki hapo hapo kwenye 18, bei yake itapanda yenyewe: 92,406 baada ya miezi sita, kisha 94,723, kisha 97,248, na mwishowe 100,000.

"Basi niuze nikanunue zile za asilimia 18?" aliuliza.

Tukapiga hesabu pamoja. Akiuza kwa 90,281 na kuwekeza kwa asilimia 18, miezi sita ya kwanza ingemletea 8,125. Akitoa 6,000 za matumizi kama alivyozoea, 2,125 zingebaki na kuongezwa kwenye mtaji, ambao ungekuwa 92,406, na akiendelea hivyo angefika 100,000 siku ileile hatifungani yake ingeiva. Kwa hiyo kuuza hakungemrudishia kitu, na kamisheni ya dalali ingempunguzia. Kilichopotea ni ile nafasi ya kupata asilimia 18 kwa miaka miwili iliyobaki, kwa kuwa alikuwa ameshafunga fedha zake kwa 12, na bei ya soko ilikuwa imeshaiandika hasara hiyo yote mapema.