Pazia la Kirumi: ndani ya dirisha au nje, ukutani?

"Fundi, nataka liingie ndani ya dirisha, kama hii picha," mama mmoja wa Nyali aliniambia huku akinisogezea simu. Pazia lilikuwa zuri kweli, limekaa katikati ya kuta mbili za dirisha. Ila dirisha la pichani halikuwa na nondo.

Pazia la Kirumi halina mikunjo ya kusimama kama pazia la kawaida. Ni kitambaa bapa chenye fito nyembamba zilizolazwa upande wa nyuma. Ukivuta, fito zinapanda na kitambaa kinajikunja tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo zina unene. Likiwa na bitana, pazia lililopandishwa huhitaji kina cha sentimita 6 hadi 8. Kwa yule mama, kutoka uso wa ukuta hadi kwenye nondo nilipata sentimita 5 tu. Tungeliweka humo, mikunjo ingekwaruza chuma kila asubuhi, na kutu ya pwani haitoki kwenye kitani.

Kuna hesabu nyingine ambayo wateja wengi hawaifikirii: likipandishwa, pazia haliishi. Linabaki rundo pale juu. Uwazi wa dirisha lake ulikuwa na kimo cha sentimita 120. Nikalipeleka nje, nikaanzia sentimita 18 juu ya uwazi na kumalizia 5 chini yake, jumla 143. Juu nikaacha 8 za upapi na mitambo, zikabaki 135. Fito 4 zinatoa vipande viwili kila mmoja na kimoja cha chini, hivyo nikagawanya 135 kwa 9, nikapata 15. Ufito wa kwanza unakaa sentimita 15 kutoka chini, na unaofuata kila baada ya 30. Likipanda lote, rundo ni 8 na 15, yaani 23. Kwa kuwa 18 ziko juu ya ukuta, kioo kinapoteza sentimita 5 tu. Lingekuwa ndani, rundo lote lingening'inia mbele ya kioo.

Upana nao ulinipa sababu. Juu nilipata sentimita 121.4, katikati 120.8, chini 121. Kwa pazia la ndani unachukua kipimo kidogo kuliko vyote na kupunguza 1, hivyo juu kungebaki mwanya unaoonekana, na mteja atamlaumu fundi pazia, si mwashi. Nje niliongeza 10 kila upande, na hakuna aliyejua kwamba ukuta haukunyooka.

Bitana si ya kufichia mishono tu. Jua la asubuhi likipiga kitambaa kitupu, rangi hupauka kwa mistari, kwa sababu sehemu zilizokunjwa hufichwa na nyingine huachwa. Mimi hushona mifuko ya fito kwenye bitana, si kwenye kitambaa cha mbele, kisha naishikiza kwa mkono, mishono michache kila mfuko. Kwa chumba cha kulala wengi hutaka bitana nzito ya kuzuia mwanga. Sawa, lakini kila tundu la sindano litaonekana kama nyota ndogo jua likichomoza. Mwambie mteja kabla ya kukata. Fito natumia za plastiki ngumu. Za chuma hapa kwetu zinatoa doa.

Sasa kamba au mnyororo. Katika mtambo wa kamba, kila safu ya pete zilizoshonwa nyuma ya pazia ina kamba yake, zote hukutana upande mmoja na kufungwa kwenye kishikizo ukutani. Ni rahisi, na kwa dirisha dogo la choo unatosha. Lakini pazia la mita 1.4 lenye bitana ni zito, na fundo moja likiteleza, pembe moja hushuka. Ukiona pazia limekaa upande, lishushe lote, kisha guza kamba moja moja kwa kidole: iliyolegea ndiyo yenye kosa.

Mnyororo wa shanga huzungusha mhimili ndani ya reli, na kila kamba hujisokota kwenye kibiringo chake. Zote hupanda sawasawa, na pazia husimama popote ulipoliachia. Nilimchagulia huo. Kibiringo lazima kiwe wima juu ya safu yake ya pete. Kikienda pembeni hata kidogo, kamba hujipanda yenyewe na upande huo hupanda haraka zaidi.

Mnyororo ni kitanzi, na kitanzi kinaweza kumnyonga mtoto. Mama yule alikuwa na mjukuu wa miaka 2. Mnyororo niliubana kwa kishikizo kilichofungwa ukutani kwa skrubu mpaka ukanyooka, na hakuna sehemu yake iliyoshuka chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Kochi lililokuwa chini ya dirisha tulilisogeza.

"Sasa nitapumzika wapi nikiangalia barabara?" akauliza. Nikamwambia, "Kwenye kiti, mama. Tena chepesi, mjukuu akija unakiondoa."