Kusimamisha na Kupanda Tramu Ambayo Kituo Chake Kiko Katikati ya Barabara

Kazi yangu ni kufundisha madereva wa tramu, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo inahusu vituo vilivyo katikati ya barabara: reli mbili katikati, kisiwa chembamba cha zege kando yake, na magari yakipita mfululizo kati ya kisiwa hicho na njia ya waenda kwa miguu. Abiria wengi huiogopa tramu yenyewe. Ninavyoona mimi, hatari kubwa zaidi iko kwenye zile leni mbili za magari ambazo lazima uzivuke kabla ya kuifikia, hasa pale unapoziangalia kwa jicho moja huku jingine likiifuata tramu inayokuja.

Kwa hiyo kuvuka na kusimamisha tramu ni kazi mbili, na hazifanywi kwa wakati mmoja. Vuka kwanza, hata kama hakuna tramu inayoonekana. Mara nyingi kisiwa huwa na kivuko chenye taa kwenye ncha yake moja; pita hapo, usikate katikati. Ukitembea kawaida, yaani karibu mita 1.2 kwa sekunde, leni mbili zenye upana wa jumla wa mita sita na nusu zitakuchukua sekunde tano na kitu. Katika muda huo gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa litakuwa limesogea mita 75 hivi. Pengo hilo ni refu kuliko macho yanavyokadiria, na mtu mwenye haraka hulikadiria vibaya zaidi.

Ukishafika kisiwani, simama nyuma ya mstari wa usalama na ugeukie upande tramu inakotoka. Visiwa vingi ni vyembamba, na magari yanapita nyuma ya mgongo wako, kwa hiyo begi la mgongoni livue ulishike mbele. Kama kuna uzio upande wa magari, usogelee huo badala ya reli. Kama kituo kiko kwenye kona, jihadhari zaidi: reli inapopinda, ncha za tramu huchomoza nje ya njia ya magurudumu, kwa hiyo usipime nafasi yako kwa kuangalia reli peke yake.

Sasa mkono. Katika miji kama Melbourne, dereva hasimami kila kituo. Husimama akimwona mtu anayeashiria, au abiria wa ndani akibonyeza kengele ya kushuka. Kosa ninaloliona sana ni kuchelewa kuinua mkono. Chukua tramu inayokwenda kilomita 40 kwa saa. Dereva anahitaji sekunde moja na nusu hivi kukuona na kuamua, na hapo tayari ameshasogea kama mita 17. Kisha anafunga breki za kawaida, zile ambazo haziwaangushi abiria waliosimama ndani, na tramu inakula mita 50 nyingine kabla ya kutulia. Jumla ni karibu mita 70. Reli ikiwa imelowa, au ikiwa na majani yaliyosagwa juu yake, umbali unaongezeka, kwa sababu chuma juu ya chuma hakina mshiko wa tairi juu ya lami. Dereva anao mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu na breki za sumaku zinazong'ang'ania reli, lakini breki za sumaku ni za dharura. Hatazitumia kwa sababu mtu alikuwa anasoma simu akakumbuka mkono tramu ikiwa mita 30.

Inua mkono tramu ikiwa bado mbali, mita 100 hadi 150, mara tu unapoweza kuisoma namba ya njia yake. Uinue juu wazi, upande wa mwili wako, wala usiunyooshe kuelekea relini. Uache juu mpaka uone mwendo unapungua. Kengele ya tramu isikudanganye: dereva anaweza kuipiga kukuonya urudi nyuma. Ishara ya kuaminika kwamba umeonekana ni kupungua kwa mwendo. Usiku, simama kwenye mwanga wa taa ya kituo, au inua simu yenye kioo kinachowaka. Tochi iliyoelekezwa machoni mwa dereva humfanya asione kisiwa chote, na watu wengine waliosimama hapo.

Hebu tuchukue tukio linalotokea kila siku. Uko kando ya barabara, taa ya waenda kwa miguu ni nyekundu, na tramu yako iko mita 80 kutoka kituoni. Kisiwani hakuna mtu. Kwa hesabu ya hapo juu, dereva amebakiwa na sekunde zisizofika tatu za kuona na kuamua kabla hajapita mahali pa kuanza kufunga breki. Anachokitazama ni kisiwa, na ni kitupu. Wewe ukiwa ng'ambo unaonekana kama mpita njia yeyote. Ukiinua mkono kutoka pale, huenda akasimama kwa huruma. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: tramu imesimama, milango iko wazi, magari yanaendelea kupita, na wewe unaanza kutafuta upenyo. Nawafundisha madereva wangu wasimsubiri mtu aliye ng'ambo ya taa nyekundu, kwa sababu kule kusubiri kwenyewe ndiko kunakomvuta barabarani. Iache hiyo, vuka taa ikiruhusu, usubiri inayofuata ukiwa kisiwani.

Kuna aina ya pili ya kituo, na hapa utaratibu unageuka. Reli ziko katikati lakini hakuna kisiwa, kuna nguzo ya kituo tu kando ya barabara. Hapo unasubiri na kuinua mkono ukiwa juu ya ukingo, kisha unavuka leni tramu ikishasimama. Sheria za nchi nyingi zinakulinda katika hatua hiyo. Toronto, gari linatakiwa lisimame angalau mita mbili nyuma ya mlango wa tramu iliyosimama. Ujerumani, pale abiria wanaposhukia barabarani, gari linaruhusiwa kupita kwa mwendo wa mtu anayetembea tu, na ikibidi lisubiri. Lakini sheria ya Toronto hailazimishi magari kusimama palipo na kisiwa, na watu waliozoea aina moja ya kituo hujisahau wanapofika kwenye nyingine.

Basi pasipo na kisiwa, subiri milango ifunguke, kisha uangalie gari la kwanza la leni iliyo karibu nawe. Usitosheke na kuliona linapunguza. Liwe limesimama kabisa. Kama kuna leni ya pili, fika mwisho wa ya kwanza utulie, uchungulie tena, maana gari lililosimama linaweza kuficha jingine linalopita pembeni yake. Baiskeli na pikipiki ndizo zinazopenyeza zaidi, na kwa kawaida hupita upande wa ukingo, hatua yako ya kwanza kabisa.

Mlangoni, waache wanaoshuka washuke. Kama mlango haujafunguka, bonyeza kitufe kilicho juu yake au pembeni. Kikiwa hakiwaki tena, dereva ameshafunga milango na macho yake yako kwenye taa ya mbele. Rudi nyuma ya mstari, kwa sababu kuugonga mlango kunakuweka karibu na ubavu wa tramu inayoanza kuondoka.