Mshahara haufichiki, dagaa wanafichika: kwa nini?

*"Mimi ni karani hapa Kigoma. Sijawahi kukaguliwa hata siku moja, na kodi yangu inatoka kamili kila mwezi. Jirani yangu ana biashara ya dagaa Kibirizi, maofisa wa kodi wanampitia mara kwa mara, na bado analipa anavyojua mwenyewe. Ukaguzi hauna meno, au vipi?"*

Anayekubana wewe ni mwajiri wako, wala si mkaguzi. Tuseme mshahara wako ni 800,000. Mwajiri anatoa kwanza 80,000 za NSSF, zinabaki 720,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, 520,000 za mwanzo zinazaa kodi ya 20,000, na 200,000 zilizobaki zinakatwa asilimia 20, yaani 40,000. Jumla 60,000. Ikifika tarehe 7 ya mwezi unaofuata, mwajiri awe ameshaziwasilisha. Katika safari yote hiyo hakuna aliyekuuliza umepata shilingi ngapi. Hata ungetaka kudanganya, ungemdanganyia nani?

Benki nayo inafanya vilevile kwa akiba yako: faida ikiingia, asilimia 10 ya kodi ya zuio imeshatoka.

Sasa nenda Kibirizi. Ofisa anafika saa nne, mzigo wa alfajiri umeshauzwa kwa taslimu, magunia mengine yameshapelekwa stesheni. Anachokuta ni mabeseni matupu na daftari. Daftari likisema magunia matatu, atabisha kwa ushahidi gani? Anaweza kuja kila wiki na asione zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna mtu wa pili aliyeandika mauzo yale.

Jambo hili lilipimwa Denmaki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Watafiti walishirikiana na mamlaka ya kodi, wakachukua walipakodi wapatao 40,000, nusu yao wakakaguliwa kwa kina bila kujali kama wanashukiwa. Kwenye mapato yaliyoripotiwa na waajiri na benki, udanganyifu ulikuwa karibu na sifuri. Kwenye mapato ambayo mtu anajitajia mwenyewe, karibu asilimia 40 ya kodi ilikuwa imekwepwa. Tena ni watu walewale, wa nchi ileile, kwa hiyo habari ya kwamba Wazungu wana uaminifu wa kuzaliwa haina nafasi hapa. Barua za kutishia ukaguzi nazo zilijaribiwa: zilisukuma kidogo yale mapato ya kujitajia, lakini kwenye yale yaliyoripotiwa na wengine hazikuwa na cha kusukuma.

Utauliza: kwa nini bosi na mfanyakazi wasikae chini wakaandika mshahara mdogo? Hapo ndipo pananifurahisha mimi. Bosi akiandika 500,000 badala ya 800,000, baada ya NSSF kodi yako inashuka hadi 14,400, umeokoa 45,600. Lakini mshahara kwake ni gharama inayopunguza faida ya kampuni, na faida hiyo inatozwa asilimia 30. Akificha 300,000 za gharama, kodi ya kampuni inapanda kwa 90,000. Ni kweli atapunguza mchango wake wa NSSF kwa 30,000, ila bado hesabu haimlipi. Na wewe ukichungulia michango yako utaona akiba ya uzeeni imepungua, uanze kulalamika. Ukiwa na wafanyakazi arobaini, siri hiyo inahitaji midomo arobaini iliyofungwa, pamoja na ule wa mhasibu aliyefukuzwa mwaka jana.

Ndiyo maana mtego huu unalegea kwenye biashara ndogo. Duka linalolipa kodi ya makadirio hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Mshahara wa kijana wa dukani haumpunguzii mwenye duka hata senti, na wapo wawili tu. Hapo hakuna anayemchunga mwenzake.

Taarifa za watu wengine zina upofu mwingine: huonyesha upande mmoja tu. Ekwado, mamlaka iliyaandikia makampuni ambayo mauzo waliyotaja yalipungua kuliko yale ambayo wateja wao walikuwa wameripoti. Yaliyosahihisha yalipandisha mauzo kweli, lakini kwa kila dola 1 waliyoongeza, wakaongeza na gharama za senti 96. Mauzo yalikuwa na shahidi, gharama nyingi hazikuwa naye.

Kwa hiyo mwangalie jirani yako siku anapouza magunia kumi kwa kampuni inayodai risiti ya EFD ili iingize manunuzi hayo kwenye hesabu zake. Mzigo huo atauandika kwa usahihi kabisa. Visado alivyowauzia akina mama wa Mwanga asubuhi ileile vitabaki kichwani mwake.