Sikukuu ya Kenya ikiangukia Jumamosi au Jumapili: ni lini Jumatatu huwa mapumziko?

Dhana: Sikukuu ikiangukia wikendi, Jumatatu ni mapumziko.

Ukweli ni nusu tu ya hayo. Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, Sura ya 110, inazungumzia Jumapili peke yake. Kifungu cha 4 kinasema kwamba sikukuu iliyoorodheshwa katika Sehemu ya Kwanza ya jedwali ikiangukia Jumapili, siku ya kwanza inayofuata ambayo si sikukuu ndiyo itakuwa sikukuu. Jumamosi haikutajwa popote. Ikiangukia Jumamosi, sikukuu husherehekewa siku hiyo hiyo, na Jumatatu watu wanarudi kazini.

Madaraka imetupa mfano mzuri miaka miwili mfululizo. Tarehe 1 Juni 2024 ilikuwa Jumamosi. Sherehe za kitaifa zilifanyika Bungoma, na Jumatatu tarehe 3 ikawa siku ya kazi kama nyingine. Mwaka uliofuata tarehe 1 Juni ikaangukia Jumapili. Sherehe zikafanyika Homa Bay siku hiyo hiyo ya Jumapili, lakini mapumziko yakahamia Jumatatu tarehe 2. Wengi hujichanganya hapa kwa kudhani kwamba sherehe na mapumziko lazima viende pamoja. Gwaride hubaki kwenye tarehe yake. Kinachosogea ni siku ya kutokwenda kazini.

Ubaguzi huu dhidi ya Jumamosi unaeleweka ukikumbuka kwamba wiki ya kazi ya siku tano ni desturi ya ofisini. Agizo la jumla la mishahara nchini bado linaihesabu wiki ya kawaida kuwa saa 52 zilizogawanywa kwa siku sita. Kwa mfanyakazi wa namna hiyo Jumamosi ni siku ya kazi, kwa hiyo sikukuu ya Jumamosi inampa mapumziko ambayo hangeyapata. Anayepoteza ni yule ambaye tayari hupumzika Jumamosi, na sheria haimfidii.

Dhana: Lazima waziri atangaze kwanza.

Kila mara sikukuu inapokaribia Jumapili, watu hukaa wakisubiri tangazo, na baadhi ya waajiri huwaambia wafanyakazi waje kazini "kwa kuwa hakuna kilichochapishwa". Kwa sikukuu za Sehemu ya Kwanza, yaani zile za kila mwaka kama Mwaka Mpya, Leba Dei, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri na Krismasi, uhamisho hutokea wenyewe kwa nguvu ya kifungu cha 4. Wizara ikitoa taarifa, inawakumbusha watu tu.

Tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali linahitajika kwa mambo mengine: siku ya ziada isiyo kwenye jedwali, kama Ijumaa tarehe 29 Aprili 2022 iliyotengwa kwa ajili ya ibada ya kumuaga Rais Mwai Kibaki, au kuifanya Idd-ul-Adha iwe mapumziko kwa Wakenya wote. Idd-ul-Adha haimo katika Sehemu ya Kwanza, kwa hiyo kanuni ya Jumapili haiigusi. Jumatatu tarehe 17 Juni 2024 ilikuwa mapumziko kwa sababu waziri aliitangaza. Bila tangazo hilo, hungeweza kuidai kwa kifungu cha 4.

Dhana: Siku mbadala ni Jumatatu daima.

Isome sheria tena: siku ya kwanza inayofuata *ambayo si sikukuu*. Maneno hayo hayana kazi mwaka mzima mpaka Krismasi ifike. Tarehe 25 Desemba 2022 ilikuwa Jumapili. Jumatatu tarehe 26 tayari ilikuwa sikukuu kwa haki yake, kwa hiyo haikuweza kubeba na Krismasi juu. Kwa hesabu ya kifungu cha 4, mbadala wa Krismasi unarukia Jumanne tarehe 27. Aliyeandaa ratiba ya zamu akiwa na Jumatatu tu kichwani alikosea kwa siku nzima.

Dhana: Ukifanya kazi Jumapili na Jumatatu, unalipwa kama sikukuu siku zote mbili.

Hapa ndipo ugomvi wa mishahara huanzia. Kifungu cha 4 kina kipande cha pili ambacho watu hukisahau: siku mbadala ikishakuwa sikukuu, ile Jumapili inaacha kuwa sikukuu. Haziwi mbili.

Chukua muuzaji wa supamaketi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 22,500 kwa mwezi, ambaye siku yake ya mapumziko ni Jumatano. Chini ya agizo la jumla la mishahara, kiwango cha saa moja hakipungui mshahara wa msingi ukigawanywa kwa 225, yaani shilingi 100. Saa za kazi katika sikukuu hulipwa mara mbili, shilingi 200. Akifanya zamu ya saa nane Jumapili tarehe 1 Juni 2025 na nyingine Jumatatu tarehe 2, ya Jumatatu inahesabiwa shilingi 1,600. Ya Jumapili inahesabiwa kwa kiwango cha kawaida, kwa sababu kwake Jumapili si siku ya mapumziko, na sikukuu imeshahama.

Kuna mwanya mmoja. Katiba, kifungu cha 9, inasema siku ya kitaifa itakuwa sikukuu ya umma, na siku hizo ni tatu: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Kwa hizo mtu anaweza kujenga hoja kwamba tarehe yenyewe inabaki sikukuu hata ikiwa Jumapili. Afadhali mkataba wa kazi au makubaliano ya chama yaandike waziwazi siku ipi inalipwa mara mbili, kuliko kulibishania mwisho wa mwezi.

Likizo nayo ina hesabu yake. Siku 21 za likizo ya mwaka ni siku za kazi, kwa hiyo sikukuu iliyohamishiwa Jumatatu haikatwi. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki aliyekuwa likizoni kuanzia tarehe 2 hadi 6 Juni 2025 alitumia siku tatu tu: Jumatatu ilikuwa mbadala wa Madaraka, na Ijumaa ilitangazwa kuwa ya Idd-ul-Adha. Angalia hati yako ya malipo kama zimekatwa tano.

Dhana: Afrika Mashariki nzima ni hivyo hivyo.

La. Saba Saba, sikukuu ya Tanzania ya tarehe 7 Julai, iliangukia Jumapili mwaka 2024, na Jumatatu tarehe 8 Julai Watanzania wakaenda kazini. Mwenye ofisi Arusha na Nairobi asitumie kalenda moja.

Dhana: Kalenda ya simu inatosha.

Mara nyingi huonyesha tarehe ya sikukuu bila kuonyesha siku iliyohamia, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mwaka 2026 ni mchungu kwa watu wa ofisini: Mazingira (10 Oktoba), Jamhuri (12 Desemba) na tarehe 26 Desemba zote ni Jumamosi, na hakuna hata moja inayohama. Mwaka 2027 hizo hizo zinaangukia Jumapili, hivyo mapumziko yatakuwa Jumatatu tarehe 11 Oktoba, tarehe 13 Desemba na tarehe 27 Desemba. Krismasi yenyewe mwaka huo ni Jumamosi, na inabaki hapo hapo.