Sola au jenereta ya dizeli: uniti moja inakutoka bei gani mpaka mtambo uzeeke?

Watu wengi wanaotuletea hesabu zao wanalinganisha bei ya kununulia tu, jenereta hii hapa rahisi, sola ile pale ghali, basi wameshaamua. Lakini mtambo unanunuliwa siku moja na umeme unautumia miaka, kwa hiyo cha kulinganisha ni gharama yote ya maisha ya mtambo igawanywe kwa uniti zote utakazotumia. Kwenye programu za kupigia hesabu mitambo utaiona imeandikwa LCOE.

Tupige hesabu ya mtu anayetumia uniti 10 kwa siku, yaani 3,650 kwa mwaka. Bei za vitu zinatofautiana kila mahali, so nitahesabu kila kitu kwa lita za dizeli, nikisema kitu ni lita 1,500 namaanisha pesa ya kununua dizeli lita 1,500, wewe utazidisha na bei ya kwako. Namba za vifaa ni za mfano, weka za kwako.

Anza na jenereta. Tuseme imenunuliwa kwa lita 1,500, inawaka masaa 6 kwa siku, na kwa mwendo huo injini ndogo tuipe miaka 4. Hapa ndo wengi wanateleza, wanachukua 1,500 wanagawa kwa 4 wanamaliza. Pesa uliyoitoa leo ina gharama yake, kama ni mkopo inalipiwa riba, kama ni yako ingekuwa inazalisha kwingine. Tukiweka asilimia 10 kwa mwaka, kwenye Excel unaandika hivi:

```
=PMT(10%,4,-1500)
```

Inakuja kama lita 473 kwa mwaka. Ongeza oili, filta na matengenezo, tuseme 240. Halafu mafuta yenyewe: jenereta hii ni ya kilowati 4 lakini lodi yake kwa wastani haifiki hata kilowati 2, kwa hiyo inakula kama lita 0.45 kwa uniti, ingebebeshwa lodi nzuri ingekula kama 0.35 hivi. Mwaka mzima ni lita 1,640. Jumla 2,353, gawa kwa 3,650 unapata lita 0.64 kwa uniti. Ona kwamba mafuta peke yake ni karibu asilimia 70 ya gharama yote, ile bei ya dukani iliyomvutia mtu ni sehemu ndogo kabisa.

Sasa sola. Paneli na fremu na waya lita 2,500 kwa miaka 20, betri ya lithiamu 3,000 kwa miaka 10, inveta na kontrola 1,200 kwa miaka 10, usafi na ukaguzi 100 kwa mwaka. Kwa fomula ileile unapata 294, 488, 195 na hiyo 100, jumla 1,077, sawa na lita 0.30 kwa uniti. Ni chini ya nusu ya jenereta, na betri ndo inayokula hela kuliko paneli, kwa hiyo anayekupigia hesabu ya miaka 20 bila betri ya pili muulize imeenda wapi.

Kuna kitu nakisisitiza sana: hiyo 0.30 inakuja tu kama uniti zote 10 zinatumika kila siku. Sola gharama yake haipungui ukizima taa, 1,077 inabaki palepale, kwa hiyo ukitumia uniti 5 tu kwa siku kila uniti inapanda mpaka 0.59. Jenereta ikiwaka nusu ya masaa inakula nusu ya mafuta na injini inadumu zaidi, uniti yake inasogea kidogo tu, kama 0.67. Ukishuka mpaka robo ya matumizi, sola inafika 1.18 na jenereta inabaki kama 0.73, hapo jenereta imeshinda. Ndo maana sehemu inayohitaji umeme mara mojamoja kwa dharura tu, hatuwaambii waitupe jenereta.

Riba nayo inaigonga sola zaidi, sababu pesa yake karibu yote inatoka mwanzoni. Ukikopa kwa asilimia 20 sola inapanda kutoka 0.30 mpaka 0.44, jenereta inatoka 0.64 kwenda 0.67 tu.

Kabla hujaweka namba yako, pima. Kwa jenereta jaza tangi mpaka juu, soma mita ya uniti, tumia wiki nzima kisha jaza tena, lita ulizoongeza gawa kwa uniti zilizosomeka. Ukipata 0.6 au zaidi, na kwenye ekzosi kuna ute mweusi wa mafuta unachuruzika, jenereta ni kubwa mno kwa lodi yako. Kwa sola soma uniti zilizotoka kwenye inveta kwenda kwenye vyombo, usisome zile paneli zinazoweza kuzalisha, maana betri ikijaa saa 6 mchana na hakuna kinachowaka, jua la kuanzia hapo halihesabiki.