Kiharusi cha mpito: mbona amepona, hospitali ya nini tena?

Mama wa miaka 62, mwenye presha, anakunywa chai jioni. Ghafla kikombe kinamponyoka mkono wa kulia, mdomo unapinda na maneno hayaeleweki. Baada ya dakika 15 anazungumza vizuri na hataki kusikia habari ya hospitali. Binti yake ana hofu, lakini naye anajiuliza kama bado kuna haja.

Dhana potofu: Dalili zikiisha, ugonjwa umekwisha.

Ukweli: Binti huyo anaweza kuelezwa hivi: "Dada, hiki ndicho kiharusi cha mpito: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo wa mama uliziba kwa muda, kisha damu ikapita tena kabla sehemu ile haijafa. Kilichouziba hatujakijua, na huenda bado kipo." Kabla matibabu ya haraka hayajazoeleka, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 alipata kiharusi kamili ndani ya miezi 3, na karibu nusu ya hao walikipata katika siku 2 za mwanzo. Ndiyo maana mama anapaswa kuonwa leo, wala si kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Utafiti wa Oxford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kuwatibu wagonjwa wa namna hii mapema kulipunguza viharusi vilivyofuata kwa takriban asilimia 80.

Dhana potofu: Ni presha imepanda tu, aongezewe dawa, ameze na aspirini, alale.

Ukweli: Kuongeza dawa ya presha nyumbani kunaweza kuishusha kupita kiasi na kuunyima ubongo damu. Aspirini ni dawa muhimu katika tatizo hili, lakini dalili kama hizi zinaweza pia kutokana na damu kuvuja kichwani, na hapo aspirini huleta madhara. Uamuzi huo ni wa daktari. Sukari iliyoshuka nayo huweza kuiga kiharusi, hivyo hupimwa mapema. Wapo pia watakaosema amepitiwa na upepo mbaya. Kubishana nao ni kupoteza saa ambazo mgonjwa anazihitaji.

Dhana potofu: Picha ya ubongo ikiwa safi, hakuna tatizo.

Ukweli: Katika kiharusi cha mpito picha mara nyingi huwa safi, kwa kuwa ubongo haukufa. Kazi inayobaki ni kutafuta chanzo: ultrasaundi ya mishipa ya shingo huonyesha kama imepungua upana, na kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo hufanya damu igande moyoni na donge kusafiri hadi kichwani. Matibabu hutofautiana: mwenye tatizo la moyo huhitaji dawa kali zaidi za kuzuia damu kuganda, na mwenye mshipa wa shingo uliobana sana huenda akahitaji upasuaji.

Kwa kuwa daktari atamkuta mama hana dalili, maelezo ya binti ndiyo yatakayomwongoza: zilianza saa ngapi, upande upi, zilidumu kwa muda gani, na mama anatumia dawa zipi. Dalili zikirudi akiwa bado nyumbani, wasikae kungoja waone kama zitaisha, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu zianze.