Picha ya skrini si nakala ya picha: dhana potofu kuhusu kuhifadhi picha na klipu za mitandaoni

Dhana: ukipiga picha ya skrini, umeihifadhi picha yenyewe.

Wakati wa Idi ya Aprili 2024, binamu yangu aliweka kwenye mtandao wa X picha ya bibi yetu akisuka ukili barazani. Niliipiga picha ya skrini nikaridhika, na nilipokuja kuichapa ndipo nilipoona kwamba miyaa vidoleni mwake imechanganyika ikawa doa moja la kahawia.

Ukweli ni kwamba picha ya skrini hunakili kile tu kinachoonyeshwa na kioo. Kioo cha simu yangu kina upana wa pikseli 720, kwa hiyo picha iliyopigwa kwa pikseli 4000 kwa 3000 ilibaki na 720 kwa 540, takriban sehemu moja kati ya thelathini. Kurekodi skrini kwa ajili ya klipu kuna kasoro hiyohiyo, tena video inabanwa upya na arifa zinazoingia hurekodiwa pamoja nayo.

Kwenye X, picha moja hutolewa kwa vipimo kadhaa. Ukiwa kwenye kompyuta, ifungue picha peke yake katika kichupo kipya, kisha tazama mwisho wa anwani yake:

```
?format=jpg&name=small
```

Neno `small` huleta picha ambayo upande wake mrefu hauzidi pikseli 680. Libadilishe liwe `orig`, bonyeza Enter, ndipo uihifadhi.

Dhana: `orig` ni faili lilelile lililotoka kwenye kamera.

Hapana; ni nakala kubwa kuliko zote ambayo mtandao unayo. Picha ya bibi ilitoka na pikseli 2048 kwa 1536, kwa kuwa ilikwisha kupunguzwa wakati wa kupandishwa. Miyaa ilianza kuonekana mmoja mmoja, lakini faili kamili lilikuwa kwenye simu ya binamu, naye akanitumia kwa WhatsApp kama hati. Angeituma kama picha ya kawaida, ingebanwa tena. Na kwa klipu pia, njia ya hati ndiyo salama.

Tovuti zinazoahidi kupakua kwa ubora wa juu zaidi haziwezi kurudisha kilichokwisha kuondolewa. Zinaweza kuinyoosha picha ikawa na pikseli nyingi na faili zito, lakini ukiikuza utakuta kingo laini zisizo na chembe za undani.

Dhana: tarehe itabaki ndani ya faili.

X huondoa taarifa za kamera kwenye picha inayoonekana na wengine, na simu huandika siku ulipopakua. Kwa hiyo nakala ya mtandaoni nimeipa jina `2024-04-10_bibi_ukili_X.jpg`, na ile ya binamu nimeiacha na jina lake la kamera, kwa kuwa yenyewe bado inabeba saa na dakika iliyopigwa.